Sogea Tucheze: jinsi klabu yetu ya chesi ilivyopata jina

Shule ninayofundisha ni ya kata, ya kutwa, kando ya barabara inayotoka Mnazi Mmoja kwenda Masasi. Nilipokabidhiwa ulezi wa klabu ya chesi niliikuta ina vibao vichache vya kuchezea, ina vijana wanaocheza vizuri kuliko mimi, na ina jina lililopakwa rangi nyekundu juu ya mlango wa stoo ya michezo: Grandmasta wa Kusini. Waliolichagua ni wavulana wa Kidato cha Tatu walioianzisha klabu. Walikuwa wameliandika kwa ustadi, herufi zina hata kivuli chake. Nalo lilikuwa linafukuza watu.

Nilianza kulishuku kwa sababu ya dirisha. Kila Jumatano baada ya vipindi watoto wa Kidato cha Kwanza walikuja wakaegemea nondo za dirisha la stoo, wakaangalia mchezo mpaka katikati, wakaondoka. Mtoto aliyesimama dirishani muda wote huo, ameacha mpira uwanjani, hamu anayo. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyemzuia. Wakati huohuo klabu ya Malihai na skauti zilikuwa zinapata wageni kila Januari bila kuwabembeleza.

Kwa hiyo siku moja kwenye kipindi changu niliandika ubaoni majina ya klabu zote za shule, nikawapa vikaratasi visivyo na majina yao, nikauliza mambo mawili tu kuhusu kila klabu: hawa wanafanya nini, na nani anaruhusiwa kuingia. Sikuuliza kama jina ni zuri. Ukimuuliza mtoto wa Kidato cha Kwanza kama jina ni zuri atakwambia ni zuri, kwa sababu wewe ni mwalimu na jina limeshapakwa ukutani.

Majibu kuhusu skauti yalifanana. Kuhusu Grandmasta wa Kusini yalitawanyika. Baadhi waliandika ni kikundi cha muziki. Waliojua ni mchezo wa ubao walijibu swali la pili kwa namna zilezile: wanaoingia ni vipanga, ni kaka wa Kidato cha Tatu, ni wanaojua tayari. Wawili watatu waliandika kuwa hapo watu wanacheza drafti ya hela. Hakuna mkono hata mmoja ulioandika neno ambalo mimi nililitaka, yaani yeyote.

Tukae kidogo kwenye yale majibu, maana yana sababu. Grandmasta ni cheo halisi. Kinatolewa na FIDE, shirikisho la chesi la dunia lililoanzishwa mwaka 1924, na mchezaji hukipata kwa kufikisha alama 2500 na kufikia mara tatu kiwango maalumu kwenye mashindano yanayotambuliwa. Watu wazima wanaocheza maisha yao yote hawakipati. Vijana wetu walikitumia kwa mzaha, na wao kwa wao mzaha ulieleweka. Lakini mzaha ni kitu cha waliomo. Aliye nje anausoma kama tangazo la masharti: kabla hujaingia, uwe hodari.

Na ile drafti ya hela haikutoka hewani. Huku kwetu drafti inachezwa vijiweni, chini ya miembe, kwa vizibo vya soda, na wachezaji ni wanaume ambao mchana huo hawana kazi au wameikimbia. Mtoto akisikia mchezo wa ubao, picha inayomjia ni ile. Wasichana picha hiyo inawaondoa kabisa, kwa kuwa binti haketi kijiweni. Wazazi nao wana lao: wengi ni Waislamu, wanazuoni wenyewe hawajakubaliana juu ya sataranji, yaani hii chesi, na baba akisikia mwanawe anabaki shuleni kwa ajili ya ubao, swali lake la kwanza ni kama kuna pesa mezani.

Waanzilishi hawakufurahi. Mmoja aliniambia, kwa adabu lakini kwa uso uliokunjamana, "Mwalimu, tukijiita jina la kitoto, wa shule nyingine watatucheka." Nilimwelewa. Walikuwa wamejenga kitu bila msaada wa mtu, na jina lilikuwa sehemu ya malipo yao. Hapo ndipo tulipogundua kwamba tulikuwa tunalitumia jina moja kwa kazi mbili zinazopingana. Timu inayokwenda kushindana shule jirani inahitaji jina la kujitapa, la kumtisha kidogo aliye upande wa pili. Klabu inahitaji jina la kumwita mtu asiyejua hata farasi anavyoruka. Tukaamua Grandmasta wa Kusini libaki jina la timu, liandikwe kwenye fulana, na klabu itafutiwe jina lake. Ugomvi uliisha siku hiyohiyo. Nadhani klabu nyingi zenye majina makali zingeweza kumaliza ubishi wao kwa njia hii, bila mtu kunyang'anywa chake.

Kwenye kutafuta jina tuliweka utaratibu mmoja: kupendekeza ni kwa yeyote, mwanachama au la, lakini wanaopima ni wale ambao hawajaingia. Tuligandisha karatasi mlangoni, kalamu ikafungwa kwa uzi.

Majina yalikuja. Vipanga likaondoka mapema. Aliyejiona kilaza kwenye mtihani wa majaribio asingevuka mlango wenye neno hilo. Wafalme wa Ubao lilipendwa na wavulana, na binti mmoja akauliza yeye atakuwa nani humo ndani. Bao la Kizungu lililetwa na mwenzangu wa Historia. Lilikuwa na mantiki, maana bao lina kete 64 na ubao wa chesi una vyumba 64, na mtoto aliyekulia kwenye baraza la babu anajua tayari kuhesabu mbele kabla ya kugusa. Lakini neno bao peke yake lina matumizi ya mtaani ambayo kila mwalimu wa sekondari anayafahamu, na kicheko kilichozuka nyuma ya darasa kilitosha.

Jina nililolipenda mimi lilikuwa Tendaguru. Kila mtoto wa Lindi amesikia habari za mjusi mkubwa aliyechimbwa kwenye kilima hicho kati ya mwaka 1909 na 1913, ambaye mifupa yake imesimamishwa kwenye makumbusho Berlin. Ni jina la nyumbani, halina kabila, halina dini, na lina ukubwa ndani yake. Tulipolipima, watoto walilifurahia sana, wakasema klabu hiyo inahusu utalii au kuchimba. Jina la mahali humpa mgeni fahari, ila halimwambii akifika atafanya nini. Linawafaa watu wa klabu ya historia, na niliwaambia hivyo.

Lililokaribia kushinda lilikuwa Mkekani. Lilipendekezwa na kiranja wa chakula, binti wa Kidato cha Pili, na sababu zake zilikuwa nzuri: mgeni akija nyumbani hutandikiwa mkeka, kwenye mkeka hakuna kiti cha mkubwa na cha mdogo, na kwa kweli sisi wenyewe tulikuwa tunachezea juu ya mikeka chini ya mkorosho stoo inapokuwa na joto. Walimu wote ofisini walilikubali. Nikalipeleka kwa Kidato cha Kwanza pamoja na mengine, na maswali yakiwa yaleyale. Upande wa wasichana majibu yalikuwa kama alivyotarajia kiranja: ni watu wanaokaa pamoja. Upande wa wavulana kulikuwa na karatasi nyingi zilizosema ni klabu ya kubeti.

Mwalimu ambaye habashiri mechi anaweza kulipita hilo bila kuliona. Kwa vijana wa sasa mkeka ni orodha ya mechi ulizobashiri. Mtu anasuka mkeka Ijumaa, na Jumapili mkeka unachanika kwa sababu timu moja imetoa sare. Tulikuwa tumelikimbia drafti ya hela tukakutana na hela mlango wa pili. Kama tungelipigia kura ofisini, au hata ndani ya klabu, lingepita kwa kishindo, na mzazi wa kwanza kuliona kwenye daftari la mwanawe angekuja shuleni. Kiranja alilia kidogo. Kisha akasema ni kweli, kaka yake anasuka kila wiki.

Kuna sikio lingine ambalo tulilihitaji, nalo ni la wazee wa hapa. Mimi si mtu wa Kusini, nimeletwa na ajira. Huku jando na unyago vipo hai, vinafanyika hasa likizo za Juni na Desemba, na watoto wengi tunaowapokea wamepita huko. Wanatoka na nyimbo na maneno ambayo kwa Kiswahili cha darasani ni ya kawaida, lakini kwa waliopita yana maana ya ndani. Mgeni hawezi kuyajua na si haki kumuuliza mtoto ayafumbue. Tulichofanya ni kumsomea orodha iliyobaki mama anayepika uji na babu mlinzi, kila mmoja peke yake, bila kuwaomba maelezo. Mama alisikiliza jina moja la vitu vya jikoni ambalo sisi tuliliona halina ubaya wowote, akatabasamu, akasema, "Hilo liacheni, mwanangu." Tukaliacha. Sikuuliza kwa nini na mpaka leo sijauliza.

Jina lililobaki lilitoka kwa mtoto ambaye hakujua kama anapendekeza jina. Kwenye karatasi ya mlangoni mtu alikuwa ameandika kwa penseli, mwandiko wa Kidato cha Kwanza: sogea tucheze. Pengine ulikuwa utani, au ombi kwa walioziba dirisha. Niliposoma orodha kwa sauti darasani, yale maneno yaliwafanya watoto wageukiane wakacheka, kicheko kisicho na mtu aliyechekwa.

Kulikuwa na pendekezo la kulikata libaki Sogea, liwe fupi. Tulijaribu kwa kupaza sauti uwanjani, kwa sababu jina la klabu husemwa zaidi kuliko linavyoandikwa. "Sogea!" ikitoka kwenye koo la mvulana mkubwa inamaanisha nipishe. Ni kumwondoa mtu. "Sogea tucheze" haiwezi kusemwa kwa kufukuza, hata ukikaza sauti. Neno la pili linamshika mkono yule aliyesogezwa. Basi jina likabaki na maneno yote mawili, na tukakubaliana kiranja anayetangaza mstarini asilifupishe. Tulikagua pia herufi za mwanzo, maana wanafunzi hufupisha kila kitu, na ST haikuwa na kichekesho chochote tulichokiona.

Walipopimwa wale wa Kidato cha Kwanza kwa mara ya mwisho, swali la nani anaruhusiwa lilijibiwa na wengi kwa neno moja: mimi, au wote. Swali la wanafanya nini lilijibiwa vibaya. Waliandika wanacheza, lakini mpira, rede, karata. Kwa hiyo jina la mwaliko lisingesimama peke yake. Ukutani sasa pameandikwa Klabu ya Chesi kwa herufi kubwa, chini yake Sogea Tucheze, na chini kabisa kwa herufi ndogo: Hujui? Tunaanza na wewe Jumatano. Hakuna hela mezani. Hiyo sentensi ya mwisho nilibishana nayo, niliona inaleta wazo ambalo halikuwepo. Babu mlinzi akanishinda kwa hoja: wazo lipo, kilichokosekana ni jibu. Mkuu wa shule naye alitaka jina la Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya masomo sekondari. Kwenye faili lake tukaandika klabu ya chesi kwa Kiingereza kama klabu nyingine zote, na ukutani tukaachiwa Kiswahili. Mtoto aliyetoka darasa la saba miezi michache iliyopita, anayeogopa kufungua mdomo asije akaandikwa kwa kusema Kiswahili, akiona mwaliko wa Kiingereza anauona kama somo jingine.

Jina la namna hii lina deni. Likisema tunaanza na wewe, na mgeni akafika akaketishwa pembeni atazame, litageuka uongo, na uongo wa ukutani husambaa haraka. Tulibadilisha Jumatano ya kwanza. Mgeni akiingia, aliyekaa kwenye benchi anasogea kweli, na wanacheza mchezo wa askari peke yao: kila upande wale wanane wa mstari wa pili, bila mfalme wala malkia wala farasi. Askari anasonga mbele chumba kimoja, mwanzoni anaweza viwili, anakula kwa mshazari, na wa kwanza kumfikisha askari wake mstari wa mwisho ameshinda. Unaeleweka kwa dakika chache na mgeni anaweza kushinda siku ileile, kwa sababu yule wa Kidato cha Tatu naye huo haujui kwa moyo. Farasi anaongezwa Jumatano inayofuata. Wakubwa walilalamika kuwa wanapoteza muda wao, wakapewa saa yao ya Ijumaa kama Grandmasta.

Kuhusu kujua kama jina linafanya kazi, siangalii waliokuja mara ya kwanza. Tangazo lolote jipya linaleta watu wa kushangaa. Naangalia kwenye daftari la mahudhurio majina yanayojirudia mara ya pili na ya tatu, na natenganisha wasichana na wavulana. Jina likivuta na siku ya kwanza ikavunja, utaona safu ndefu wiki ya kwanza na mapengo wiki ya pili. Likikosa kuvuta, daftari litakuwa na wachache walewale, wanaorudi kila mara. Ni magonjwa mawili na dawa zake ni tofauti. Kwetu wasichana walianza kujirudia kwenye daftari pale tu wawili walipokuja pamoja. Msichana aliyekuja peke yake mara nyingi hakurudi, jina liwe lolote.

Na kuna watoto ambao jina haliwafikii kabisa. Wanaotoka vijiji vya ndani wanatembea mwendo mrefu kurudi nyumbani, wakibaki mpaka jioni giza linawakuta njiani. Hao tuliwatolea vibao wakati wa mapumziko ya saa nne, mchezo wa askari unaisha kabla ya kengele. Msimu wa korosho nao unatupunguza, Oktoba hivi, mtoto anapohitajika shambani kuokota. Mwaka wa kwanza wa jina jipya nilidhani klabu inakufa, kumbe ni korosho.

Mwenzangu anayelea dibeti alipoona watu wamejaa stoo aliniomba nimsaidie kubadili jina lake. Tukapitisha vikaratasi vilevile. Kwake watoto walijua vizuri sana wanachofanya na wakajibu kuwa wote wanaruhusiwa. Wasichokitaka ni kusimama mbele na kuchekwa kwa Kiingereza kibovu, na hilo hakuna jina linaloliondoa. Aliliacha jina lake lilivyo, akaanza kuwapa wageni kazi ya kutunza muda kwanza, kisha kuuliza swali moja wakiwa wameketi, kisha ndipo jukwaa.

Kila Januari narudia maswali mawili kwa Kidato cha Kwanza wapya, maana maneno ya vijana yanahama, na jina lililo salama mwaka huu linaweza kupata maana ya mtaani mwaka ujao. Safari iliyopita mvulana mmoja aliandika kuwa Sogea Tucheze ni klabu ya makonda wa daladala, wanaofundishwa kusema sogea nyuma nafasi ipo. Tulisoma ofisini tukacheka. Jina tukaliacha. Yule mvulana alikuja Jumatano moja, akashinda, akaenda zake kwenye mpira.